Maana ya maneno kwenye tangazo la kazi

"Nimeona tangazo la kazi Nairobi: 'probation' miezi 6, 'remuneration' haijatajwa, na mwisho wameandika 'shortlisted'. Ndiyo mara yangu ya kwanza kuomba kazi. Yanamaanisha nini?"

Karibu, ndugu. La mwisho ni jepesi: watapigiwa simu tu waliochaguliwa kuitwa kwenye usaili. Ukikaa wiki kadhaa kimya, endelea kuomba kwingine.

"Remuneration" ni malipo yote: mshahara, posho ya nyumba, nauli, bima. Ukiitwa, uliza kama kiasi wanachotaja ni kabla ya makato. Tuseme ni shilingi 40,000 kabla ya makato. Bima ya afya ya SHIF inachukua asilimia 2.75, yaani 1,100, na tozo ya nyumba asilimia 1.5, yaani 600. Bado akiba ya uzeeni ya NSSF na kodi ya mapato. Kwa hiyo usipange kodi ya chumba kwa kutegemea 40,000.

"Probation" ndiyo ya kusoma kwa makini. Ni kipindi cha majaribio. Sheria ya Ajira ya Kenya ya 2007 inakiwekea kikomo cha miezi 6, na kuongezwa hadi miezi 6 mingine ni lazima wewe mwenyewe ukubali. Katika kipindi hicho mwajiri anaweza kukuachisha kwa notisi ya siku 7 au akulipe mshahara wa siku hizo. Mshahara unalipwa kama kawaida; anayekwambia majaribio ni kazi ya bure anakudanganya. Miezi 6 ikikaribia kuisha, omba barua ya kuthibitishwa kazini.