Mizinga mitatu kabla ya Desemba

Swali la wiki: "Baba yetu anastaafu ualimu Desemba hii akitimiza miaka 60. Kila tukimwuliza angependa zawadi gani, anajibu kwamba hana shida ya kitu, shida yake ni kuwa hajui ataamka kufanya nini. Ana shamba la ekari 3 nje ya mji wa Mpwapwa. Sisi watoto tumpe nini?"

Ndugu muulizaji, kwa kuwa baba yenu ana shamba na miezi kadhaa bado ipo, ningewashauri mumpe mizinga mitatu ya nyuki, na mumpe mapema badala ya kungoja siku ya kumuaga. Nayasema haya nikiwa mfugaji wa nyuki wilayani Manyoni, na nikiwa mtoto wa mzee aliyestaafu ukuu wa stesheni kwenye reli ya kati akiwa na hofu hiyohiyo ya baba yenu.

Mzee aliyezoea kengele ya shule au ratiba ya treni hakosi shughuli akirudi nyumbani, maana uzio wa kukarabati na mahindi ya kupalilia havijawahi kwisha. Anachokosa ni kazi inayomngoja yeye hasa, yenye siku yake, ambayo asipoifanya kuna kitu kitaharibika na kuna mtu atakayeuliza kulikoni. Ndiyo maana kiti cha kupumzikia na televisheni kubwa, zawadi ambazo wengi wetu huzikimbilia, humkosesha raha zaidi, kwa kuwa zinamwambia afanye lile lile analoliogopa. Kwa upande mwingine wapo watoto wanaomjengea mzazi banda la kuku 300. Huko nako anafungwa mguu. Hawezi kulala msibani hata usiku mmoja, na mdondo ukiingia, banda linaweza kuwa tupu ndani ya siku chache. Nyuki wanakaa katikati ya hali hizo mbili. Wanataka kutazamwa kwa nje kila wiki, wanataka kufunguliwa mara chache kwa msimu, na mzee akisafiri kwenda kuwaona wajukuu wanajitafutia chakula wenyewe.

Nimesema mitatu kwa sababu. Mzinga mmoja ukikaa mtupu, mzee atajiona ameshindwa. Kumi ni kazi ya kijana. Mitatu inampa nafasi ya kulinganisha, na kulinganisha ndiko kunakomfanya mtu arudi kutazama tena.

Nunueni mizinga ya viunzi, yaani ule mzinga wa mbao mrefu kama sanduku, ambao ndani yake nyuki hujenga masega yakining'inia kwenye vijiti vilivyopangwa juu kwa safu. Mzee hahitaji kupanda mti wala kuvunja kitu, maana hunyanyua kiunzi kimoja kimoja akiwa amesimama. Hapa lakini ndipo pesa nyingi hupotea, kwa sababu mafundi wengi hukadiria kwa macho. Nyuki wetu wa Afrika hujenga sega moja kwa kila kiunzi ikiwa kiunzi kina upana wa milimita 32. Kikizidi hapo, masega huanza kuhama kutoka kiunzi hiki kwenda kingine, na baada ya muda huwezi kuinua hata kimoja bila kurarua viwili vya jirani, asali ikamwagika na nyuki wakakasirika. Kabla ya kulipa, pangeni viunzi kumi kwenye meza, vigusane bila nafasi, kisha pimeni kwa futi: mkipata sentimita 32 fundi anaijua kazi yake, mkipata 35 au zaidi mrudishieni mzigo wake. Vilevile geuzeni kiunzi mtazame upande wa chini, ambao unapaswa kuwa na mfuo au ncha katikati. Hapo ndipo mtapaka nta iliyoyeyushwa, ambayo ni chambo cha kuwaita nyuki na wakati huohuo ni mstari wa kuwaonyesha pa kuanzia kujenga.

Mahali pa kuweka pachagueni pamoja naye, ili shughuli iwe yake tangu mwanzo. Pawe mbali na nyumba, njia ya watu na zizi, si chini ya mita 200, pawe na kivuli, na maji yasiwe mbali. Mizinga itundikwe kwa waya kati ya miti au nguzo, kwenye kimo cha kiuno chake, ili mgongo usimuume na ili nyegere asipate pa kusimama akipasua. Waya zipakwe grisi kwa ajili ya siafu, na nyasi za chini zifyekwe, kwani unyasi mmoja ukigusa mzinga siafu watautumia kama daraja.

Baada ya hapo ni kungoja, na kungoja huku ndiko kunakohitaji kuanza kabla ya Desemba. Makundi ya nyuki huhama na kutafuta makazi kufuata maua na mvua. Mzinga mmoja unaweza kuingiwa baada ya wiki chache na mwingine ukapitisha msimu mzima bila mgeni. Mkiutundika mapema, mzee atakuwa na jambo linaloendelea wakati bado anakwenda kazini, na siku atakapokabidhi ofisi hatakuwa anaanza upya. Mwambieni pia namna ya kujua kama nyuki wamehamia au wanapeleleza tu. Wapelelezi huzungukazunguka mlangoni, huingia na kutoka mikono mitupu. Kundi lililohamia lina walinzi mlangoni, na baada ya siku kadhaa utaona nyuki wakirudi na vidonge vya chavua miguuni, vya njano au rangi ya chungwa. Chavua ni chakula cha majana, yaani watoto wa nyuki walio ndani ya masega, kwa hiyo ikiingia kwa wingi ni dalili kwamba malkia anataga.

Dalili hiyo ndiyo iliyompa baba yangu kazi. Katika zawadi yetu tulitia daftari kubwa la mistari, lenye sehemu tatu, moja kwa kila mzinga, na alilishika kama alivyokuwa akilishika daftari la treni: saa, hali ya hewa, nyuki wangapi wanarudi kwa dakika moja na wangapi wamebeba chavua. Mimi niliona anazidisha. Kisha kwenye sehemu ya mzinga wa pili hesabu ya chavua ikaanza kushuka wiki baada ya wiki ilhali mizinga mingine miwili, chini ya miti ileile na maua yaleyale, haikushuka. Alinipigia simu akanisomea namba zake. Tulipoufungua jioni tulikuta kundi dogo lisilo na majana, na masega ya pembeni yameshatandwa utando wa nondo wa nta. Kundi halikuokoka, lakini tuliwahi kuyatoa masega yale, tukausugua mzinga na kupaka nta upya, na baadaye ukaingiwa tena. Habari hiyo ilifika kwenye kikundi cha wafugaji wa kijijini, ambao wengi wao hugundua nondo pale wanapoinua kifuniko na kukuta nyumba tupu. Walimwomba awe mweka kumbukumbu wao. Sasa Jumamosi kuna watu wanaokuja na mizinga yao vichwani, kwa maana ya maswali, na akichelewa kutoka nje wanabisha hodi.

Mwalimu aliyesahihisha madaftari maisha yake yote ataiweza kazi hiyo bila kufundishwa, na huenda kikundi cha Mpwapwa kitafaidika naye kuliko atakavyofaidika yeye na asali. Kwa hiyo kabla hamjanunua chochote, mmoja wenu akaonane na ofisa wa ufugaji nyuki wa halmashauri, aulize kikundi cha karibu ni kipi na kinakutana lini. Mfugaji mzoefu mmoja wa jirani ana thamani kuliko mzinga wa nne.

Mavazi yawe mawili: moja la kipimo cha baba, jingine la yule atakayefuatana naye, awe mjukuu mkubwa au jirani. Mzee asifungue mzinga peke yake, na akijikuta analazimika kutafuta mwenzi kila anapotaka kufungua, hilo nalo ni sehemu ya zawadi. Ongezeni buti, glovu na bomba la moshi. Lakini mwulizeni kwanza, kwa upole na bila mzaha, mwili wake hufanyaje akiumwa na nyuki. Uvimbe wa pale alipochomwa ni kawaida. Ikiwa amewahi kuvimba mwili mzima, kushikwa na kizunguzungu au kupumua kwa shida, achaneni na wazo hili kabisa. Ikiwa hapendi tu kuumwa, wapo nyuki wadogo wasiouma, wanaoweza kufugwa kwenye kisanduku ukutani mwa nyumba. Asali yao ni kidogo sana, ila kutazamwa wanatazamika vilevile.

Kuhusu kuvuna sitasema mengi, kwani kikundi kitamwonyesha. Huku kwetu asali nyingi huvunwa mvua zikishakwisha, kuanzia Mei. Kazi hufanywa jua likielekea kuzama. Sega huvunwa likiwa limefunikwa kwa nta angalau theluthi mbili, kwa maana asali isiyofunikwa ina maji mengi na baada ya wiki kadhaa huanza kutoa povu na harufu ya pombe. Masega yenye majana hayaguswi, na ya asali huachwa kadhaa ili nyuki wapate chakula cha kiangazi. Mwenye tamaa akichukua yote, kundi huhama. Mavuno ya kwanza yatakuwa haba. Kila mmoja wenu aweke oda ya lita yake mapema na ailipie kwa bei ya sokoni, maana mzee akigawa bure kila chupa ataona mnamchezesha.

Jambo ambalo ningelizungumza naye kabla mafao hayajaingia ni kuongeza mizinga. Mfuko wa hifadhi ya jamii humpa mstaafu sehemu ya mafao kwa mkupuo na sehemu inayobaki kwa pensheni ya kila mwezi, na mkupuo ule unapotua, wauza mizinga huwa wameshapata habari. Watamwambia achukue hamsini, nao wataahidi kununua asali yote. Mwombeni akubali mapema, akiwa bado ana mshahara, kwamba hataongeza hata mmoja kwa fedha za mafao hadi avune misimu miwili kutoka ile mitatu. Akitaka wa nne kabla ya hapo, mchangeni ninyi.