Bili ya modeli ya lugha: akiba, maelekezo mafupi na modeli ndogo vinagombana

"Tuna boti ya WhatsApp ya ofisi ya mizigo hapa Lubumbashi, inajibu wateja kwa modeli kubwa. Bili ya API inapanda kila mwezi. Nianze na nini: akiba, kufupisha maelekezo, au kupeleka maswali mepesi kwa modeli ndogo?"

Ndugu, anza na akiba, yaani cache: mtoa huduma anatunza maelekezo aliyokwisha kuyasoma ili yasitozwe bei kamili kila mara. Hizo njia mbili nyingine zikiingizwa bila mpango zinaweza kuiua akiba, na bili ikapanda zaidi. Mimi nahudumia boti kama yako, ya mizigo inayopita Kasumbalesa, kwa hiyo nakuonyesha hesabu ninayoifanya.

Tuseme modeli kubwa inatoza dola 3 kwa tokeni, yaani vipande vya maneno, milioni 1 zinazoingia na dola 15 kwa zinazotoka, na modeli ndogo inatoza dola 1 na dola 5. Maelekezo yako ya kudumu (bei kwa kilo, masharti ya dwane, saa za kazi, namna ya kulipa kwa Airtel Money au Orange Money) yana tokeni 6,000. Swali la mteja pamoja na mazungumzo yaliyotangulia ni tokeni 400, na jibu ni 200. Bila akiba, jibu moja la modeli kubwa linakugharimu senti 2.2 hivi za dola, na sehemu kubwa imeliwa na maelekezo yale yale yanayosomwa upya kila mara.

Kwa Anthropic, kampuni ya modeli za Claude, tokeni zinazosomwa kutoka kwenye akiba hutozwa asilimia 10 ya bei ya kawaida. Kuziandika humo mara ya kwanza kunaongeza asilimia 25, na akiba inaishi dakika 5, zikihesabiwa upya kila inaposomwa. Jibu lile lile linashuka hadi senti 0.6. Sasa angalia modeli ndogo ukiipa maelekezo yote 6,000 bila akiba: senti 0.74. Yaani modeli kubwa yenye akiba ni rahisi kuliko ndogo isiyo nayo. Ndiyo sababu sikushauri ukimbilie modeli ndogo kwanza.

Akiba inalinganisha mwanzo wa ujumbe, herufi kwa herufi. Neno moja likibadilika, kila kitu kinachofuata kinatozwa upya. Wengi wanaweka tarehe na saa mstari wa kwanza, au jina la mteja, na hapo akiba inavunjika karibu kila mara. Vya kudumu vikae juu, vinavyobadilika vikae chini kabisa. Kwa Anthropic unaweka alama ya `cache_control` pale maelekezo ya kudumu yanapoishia. OpenAI hufanya yenyewe kuanzia tokeni 1,024. Kisha usiamini, soma majibu ya API:

```
"input_tokens": 412,
"cache_creation_input_tokens": 6004,
"cache_read_input_tokens": 0
```

Ukiona hivi mara moja, ni sawa, akiba inaandikwa. Ukiona hivi kwenye kila ujumbe wakati wateja wanaandika mfululizo, kuna kitu kinabadilika juu. Mara nyingi ni tarehe na saa, au orodha ya bei inayotolewa kwenye hifadhidata bila mpangilio maalumu, kwa hiyo mistari inahama kila inapoitwa. Namba mbili za chini zikiwa 0 zote, basi alama haikuwekwa au maelekezo ni mafupi mno.

Hapo ndipo kufupisha kunapogombana na akiba. Kuna kiwango cha chini: tokeni 1,024 kwa modeli nyingi, na baadhi hutaka 2,048 au hata 4,096. Ukiwa chini yake akiba haifanyiki, na hakuna ujumbe wa kosa unaokuambia. Mtu mwenye maelekezo ya tokeni 1,300 yaliyo kwenye akiba analipia sawa na tokeni 130. Akiyapunguza hadi 900 kwa bidii, analipia 900 zote. Kwa hiyo kwenye modeli kubwa usihangaike kubana maneno yaliyoko kwenye akiba. Fupisha kile kisichoingia humo: mazungumzo ya zamani ambayo hayahusiani na swali la leo, na zaidi ya yote jibu lenyewe, kwa kuwa tokeni inayotoka ni mara 5 ya inayoingia. Kuiambia modeli "jibu kwa sentensi mbili, usirudie swali" kunaokoa zaidi ya kufuta aya nzima juu.

Angalia pia mwendo wa wateja wako. Akiba ya dakika 5 inafaa asubuhi, malori yanapoingia na kila mtu anauliza. Usiku, ujumbe ukija kila nusu saa, unalipa ile asilimia 25 ya kuandika na hakuna anayekuja kusoma. Ukiona chini ya ujumbe 22 katika 100 ndio unaokuta akiba, inakula pesa. Iondoe kwa saa hizo.

Akiba ikishatulia, ndipo gawa maswali. La kwanza halihitaji modeli yoyote: "Muzigo yangu ilisha kufika? LB-20417". Namba ya mzigo ina umbo linalojulikana. Programu inaitambua, inatazama hifadhidata, inajibu. Kwa ofisi za mizigo hilo ndilo swali kubwa kuliko yote, na linakuwa bure.

Yanayobaki yaende kwa modeli ndogo, lakini iwe na maelekezo yake yenyewe, tokeni 800 tu: saa za kazi, mahali ofisi ilipo, namna ya kulipa, bei za kawaida. Jibu lake linakuwa senti 0.22, bila kutegemea akiba wala saa ya siku. Iambie kwamba swali lisilo ndani ya hayo ijibu neno moja tu, `PANDISHA`, na programu ipeleke swali kwa modeli kubwa. Mazungumzo yakishapanda, yaache huko hadi yaishe. Akiba ya modeli moja haisomwi na nyingine, na kuyarudisha chini kunamaanisha kusoma historia yote upya.

Lakini chunga: maswali yakipungua kwa modeli kubwa, akiba yake inapoa. Tuseme 30 katika 100 yanapanda. Yakiikuta akiba hai, wastani ni senti 0.4 kwa swali. Yakiikuta imekufa kila mara, wastani unafika senti 1 hivi, juu ya ile 0.6 uliyokuwa nayo kabla ya kugawa. Dawa ni akiba ya saa 1, ambayo kuiandika ni mara 2 ya bei ya kawaida lakini inavumilia mapengo.

Usigawe kwa urefu wa ujumbe. Mama wa Katuba ataandika salamu mistari minne, aulize habari za familia, mwishoni aulize mnafunga saa ngapi. Mwingine ataandika "Dwane njo ngapi?" tu, na hilo linahitaji kujua aina ya mzigo, thamani na unatoka wapi. Modeli ndogo hapo inaweza kutaja namba kwa ujasiri ambayo haipo popote. Utajua imekosea kwa kuona wateja wanaouliza tena jambo lile lile ndani ya dakika chache, au wanaoandika "nipatie mutu". Wahesabu kila wiki, kando kwa kila modeli.

Kuhifadhi majibu yenyewe na kuyarudisha kwa maswali yanayofanana, kuwe kwa saa za kazi na anwani tu. Kwa kipimo cha kufanana, "kutoka Ndola kuja Lubumbashi" na "kutoka Lubumbashi kwenda Ndola" ni karibu swali moja, na bei zake ni mbili.