Kukokotoa rejesho la mwezi kutoka kwenye picha ya barua ya mkopo

Kwenu mnaoanza kazi kwenye dawati la mikopo ya SACCOS: wanachama wengi hawaji na barua halisi ya mkopo walioupata kwingine, bali hutuma picha kwa simu na kuuliza kama hesabu ni sahihi. Picha moja niliyotumiwa ilionyesha mkopo wa shilingi 5,000,000, muda wa miezi 24 na riba ya asilimia 18 kwa mwaka, lakini kidole gumba cha mpigapicha kilikuwa kimefunika maneno yaliyofuata baada ya asilimia hiyo. Niliona ni jambo dogo, kwa kuwa namba zote nilizozihitaji zilisomeka.

Kanuni ya marejesho yanayolingana kila mwezi ni hii, ambapo P ni mkopo, i ni riba ya mwezi na n ni idadi ya miezi:

```
R = P × i / (1 − (1 + i)^−n)
```

Kabla ya kugusa kikokotoo, geuza riba ya mwaka kuwa ya mwezi: asilimia 18 kugawanya kwa 12 ni asilimia 1.5, yaani 0.015. Hapa ndipo wageni wengi hujikwaa, kwani huacha 0.18 ilivyo na kupata rejesho linalozidi laki tisa, ilhali mkopo wote ukigawanywa kwa miezi 24 bila riba ni kama shilingi 208,333 tu kwa mwezi.

Sehemu ya juu ya kanuni ni 5,000,000 × 0.015, yaani 75,000, ambayo ndiyo riba ya mwezi wa kwanza. Kwa sehemu ya chini, 1.015 ikipandishwa kwenye kipeo cha −24 huwa 0.699544, na ukiitoa kwenye 1 hubaki 0.300456. Gawanya 75,000 kwa namba hiyo upate takriban shilingi 249,620.51 kwa mwezi. Usikadirie mapema: mtu anayeandika 0.70 badala ya 0.699544 hupata 250,000 kamili, tofauti inayoonekana ndogo lakini inayofikia zaidi ya shilingi 9,000 mkopo unapokwisha. Kwenye Excel unaweza kuhakiki hivi:

```
=PMT(18%/12,24,-5000000)
```

Jumla ya marejesho ni 249,620.51 mara 24, yaani takriban 5,990,892, na ukitoa mkopo wenyewe, riba yote ni shilingi 990,892. Ni ndogo kuliko wengi wanavyotarajia, kwa sababu riba hutozwa kwenye salio lililobaki tu. Mwezi wa kwanza 75,000 huenda kwenye riba na 174,620.51 hupunguza deni. Mwezi wa pili, salio likiwa 4,825,379.49, riba hushuka hadi 72,380.69.

Nilipokuwa tayari kumjibu mwanachama, niliikuza tena picha na kuona, chini kabisa karibu na sahihi, rejesho la mwezi limeandikwa 283,334. Tofauti na hesabu yangu ilikuwa shilingi 33,713, na tofauti ya namna hiyo haitokani na kukadiria. Nilijaribu njia nyingine: asilimia 18 ya 5,000,000 kwa miaka 2 ni 1,800,000, ukijumlisha na mkopo na kugawanya kwa 24, unapata 283,333.33. Kumbe neno lililokuwa chini ya kidole lilikuwa "flati", yaani riba hukokotolewa kwenye mkopo wa awali kwa muda wote, hata pale mkopaji anapokuwa amekwisha kulipa sehemu kubwa ya deni. Kwa kanuni ya salio linalopungua, rejesho hilo ni sawa na riba ya takriban asilimia 31 kwa mwaka, na mkopaji hulipa riba iliyozidi ile ya kwanza kwa shilingi laki nane na zaidi.

Tangu hapo, picha yoyote ikija, kwanza natafuta rejesho lililoandikwa na mkopeshaji, kisha ndipo nafungua kanuni. Nukta ya desimali ikiwa imefifia na hujui kama ni 1.8 au 18, au kama ni ya mwezi au ya mwaka, rejesho lililoandikwa ndilo litakaloamua, maana jibu moja tu litaendana nalo. Likiwa halisomeki, mwombe mwanachama apige picha upya, karatasi ikiwa mezani na kidole kikiwa nje ya fremu. Tofauti ya shilingi chache isikusumbue: ukizungusha rejesho hadi 249,621, rejesho la mwisho hupungua kwa kama shilingi 14.