Mumeo Yuko Sawa, na Dipoziti Si Kodi ya Mwezi wa Mwisho

*Shangazi, shikamoo. Tumepanga chumba cha muzigo hapa Kireka miaka miwili sasa, kodi 250,000 kwa mwezi, na tulipoingia tuliweka dipoziti ya mwezi mmoja. Mama mwenye nyumba amegeuka tangu mdogo wangu aje kukaa nasi siku chache mwezi Machi. Kila asubuhi maneno. Tarehe 18 Septemba nilimwambia uani, mbele ya watu, kwamba tarehe 30 tunahama, na kodi ya mwisho aikate kwenye dipoziti yetu. Akasema dipoziti hairudi, tumeharibu nyumba. Chumba hakina tatizo ila vitu vidogo vidogo. Gari la kubebea vitu nimeshapata, tutoke usiku. Lakini mume wangu mwoga! Anasema tuandike barua, tukae mwezi mzima. Nimweleweshe vipi? — Niliyechoka, Kireka*

Marahaba mwanangu. Pole kwa maneno ya asubuhi. Kuamshwa na matusi kabla ya chai si jambo dogo.

Sasa tuongee. Mdogo wako alikuja "siku chache" mwezi Machi, na sasa ni Septemba. Siku hizo nimezihesabu, zimepita mia na themanini. Choo ni cha pamoja, maji ni ya bomba moja, na yule mama anapokea kodi ya watu wawili huku wanaooga ni watatu. Simtetei kwa ulimi wake mchafu, ila hakugeuka bila sababu, na wewe unaijua, ndiyo maana umeipitia haraka kama mtu anayepita mbele ya duka analodaiwa.

Na hiyo "kodi ya mwisho" unayotaka ikatwe, nikisoma vizuri, ni ya Septemba. Yaani umekaa karibu mwezi mzima hujalipa. Kisha unashangaa mama wa watu anapandisha sauti.

Dipoziti haikuwekwa kuwa kodi. Iliwekwa kuwa dhamana ya vitu: kioo, kitasa, ukuta, bili ya maji mtakayoiacha. Ukiigeuza kodi, umemwachia chumba bila chochote cha kukitengenezea, na umempa sababu ya kusema mbele ya mwenyekiti wa LC1 kwamba mlikimbia na deni. Usiku, tena! Anayehama usiku hata kama hadaiwi shilingi ataitwa mwizi, na risiti zake zote zinakuwa karatasi za kufungia maandazi.

Kwa hiyo mumeo si mwoga. Wanawake wa siku hizi mkimpata mwanamume anayefikiri kabla ya kufungua mdomo mnamwita mwoga, na mkimpata anayepiga kelele mnamwita dume, kisha mnaniandikia mimi barua nyingine. Zamani shangazi alimfundisha binti kusikiliza nusu ya maneno ya mumewe. Wewe umeacha hata hiyo nusu. Basi, yaishe.

Maneno ya uani hayana tarehe wala saini. Hata yangekuwa na vyote viwili, kutoka tarehe 18 hadi 30 ni siku kumi na mbili, na mtu anayelipa kwa mwezi hutoa taarifa ya mwezi. Hesabu yake ni hii: barua impate mama mwenye nyumba kabla Septemba haijaisha, mkae Oktoba yote, mtoke tarehe 31 Oktoba. Mkichelewa hadi tarehe 3 Oktoba, ana haki ya kusema mwezi wenu unaanzia Novemba. Siku tatu zitawagharimu kodi nzima. Kwanza lipeni Septemba leo, na Oktoba ikifika mlipe kama kawaida, mchukue risiti kila mara.

Barua aiandike mumeo, kwa sababu nina hakika risiti ya dipoziti ina jina lake. Barua yenye jina lako itarudishwa kwa kuulizwa wewe ni nani. Iwe fupi, bila matusi na bila historia ya mdogo wako:

"Mimi fulani, mpangaji wa chumba namba fulani, natoa taarifa ya mwezi mmoja kwamba nitakiacha chumba tarehe 31 Oktoba. Kodi nitalipa hadi mwezi huo. Naomba tukikague chumba pamoja siku hiyo, na nirudishiwe dipoziti ya shilingi 250,000 niliyolipa tulipoingia, kwa risiti niliyoambatanisha nakala yake."

Tarehe, saini, namba ya simu ya kupokelea pesa. Nakala mbili. Moja mumpe, ya pili asaini kwamba ameipokea, aandike na tarehe. Akikataa kusaini, na huyu atakataa, msigombane naye. Nendeni kwa mwenyekiti wa LC1 na nakala zote, aje mtu wake ashuhudie mkimkabidhi, aandike kwenye nakala yenu na kugonga muhuri. Muhuri huo una uzito kuliko kelele za uani mwaka mzima. Msimpe dalali aliyewatafutia chumba. Kazi yake iliisha siku alipochukua pesa yake.

Akitishia kuwafungia mlango kwa kufuli kwa sababu mmetoa taarifa, mkumbusheni kwa sauti ya chini kwamba sheria ya wenye nyumba na wapangaji ya mwaka 2022 haimruhusu kumtoa mpangaji bila amri ya mahakama.

Tuje kwenye "vitu vidogo vidogo". Nimeishi kwenye mizigo kama huo wenu, mwanangu. Najua kimoja ni ukuta mweusi juu ya sigiri. Kingine labda kioo kilichoguswa na mpira. Rangi iliyofifia kwa miaka miwili ya jua na mikono ni uchakavu, huo ni wake. Masizi ya sigiri ni yenu. Itisheni fundi kabla ya siku ya kukagua, awape bei kwa maandishi. Tuseme kioo ni 30,000, kupaka ule ukuta 40,000, bili ya maji 18,000. Jumla 88,000, mnabakiwa na 162,000. Mama akisema anapaka chumba kizima na zote zimeisha, mwambieni aonyeshe risiti ya fundi wake, na muulizeni ukuta wa pili ulichomwa na nani. Pigeni picha za kila kona siku hiyo chumba kikiwa kitupu. Pigeni pia picha ya mita ya umeme inayosomeka, asije akawatwisha umeme wa mpangaji ajaye.

Asipolipa, mwandikieni barua ya madai yenye kiasi kamili, 162,000 na si 250,000, mkimpa siku 14. Zikipita, kuna utaratibu wa madai madogo kwenye mahakama ya hakimu, kwa madai yasiyozidi milioni 10, na pale hakuna mawakili. Mumeo ataongea mwenyewe, huyo huyo mwoga wako. Ila wengi hulipa barua hiyo ikifika, hasa ikiwa na muhuri wa LC1 kwenye ile ya kwanza.

Mwenye gari mwambie aje mchana wa tarehe 31. Na funguo mkabidhini mama mkononi, zote, pamoja na ule uliomchongea mdogo wako bila kumwambia mtu.