Nukta iwekwe wapi kwenye ujumbe mrefu?

"Naandika ujumbe mrefu bila kituo hata kimoja, watu hawanielewi. Nukta niweke wapi?"

Ndugu yangu, anza na vitenzi. Chukua ujumbe huu: "mama mzigo niliupata jana sikulala watoto wanakohoa dawa zimeisha nitumie hela kesho nitaenda hospitali". Vitenzi vimebeba viambishi vya watendaji: ni-, si-, wa-, zi-. Mtendaji akibadilika, kwa kawaida sentensi mpya imeanza, kwa hiyo weka nukta kabla yake: "Watoto wanakohoa. Dawa zimeisha." Mkato peke yake hapo hautoshi, maana kila upande unajitegemea.

Penye hatari zaidi ni maneno ya wakati. Hiyo "jana" ni ya mzigo au ya kukosa usingizi? Na "kesho" je? Mama akisoma "nitumie hela kesho", atasubiri, na wewe unazihitaji leo. Mwandishi ndiye anayejua, basi aamue: "Mama, mzigo niliupata. Jana sikulala. Watoto wanakohoa. Dawa zimeisha. Nitumie hela. Kesho nitaenda hospitali."

Sasa usikate kila penye kitenzi. Vya -ka- vinafuatana kama hatua za safari moja: "Nilishuka stendi, nikapanda bodaboda, nikafika." Hapo mkato unafaa. Na "mtu aliyekuja jana" usiukate, kwa sababu "aliyekuja" inamweleza huyo mtu tu, habari yenyewe bado inakuja.

Ukimaliza, usome kwa sauti kabla ya kutuma. Ukijikuta umerudi nyuma kusoma upya, nukta imekosekana hapo hapo.