"Hakuna Tofauti Kubwa": Kubwa kwa Nani?

SWALI: "Nimerudishiwa andiko la jaribio langu la mwaka wa pili. Nimeotesha maharage katika makopo 24: makopo 12 yana udongo uliochanganywa na jivu la kuni, na 12 hayana jivu. Nitapima urefu siku ya 21. Niliandika hivi: 'Nadharia tete sifuri: Hakuna tofauti kubwa ya urefu kati ya maharage yaliyowekewa jivu na yasiyowekewa. Nadharia tete mbadala: Jivu litaongeza urefu wa maharage.' Msimamizi ameandika pembeni kwamba sentensi hizi hazielewani, na ameuliza kama jaribio ni la mkia mmoja au mikia miwili. Naomba unisaidie kuziandika kwa Kiswahili sahihi." (Mwanafunzi wa kilimo, Morogoro)

JIBU: Msimamizi wako yuko sahihi, ila amekuwa mpole mno. Mikia tutaifikia. Kwanza nina shauri na neno moja katika sentensi yako ya kwanza, nalo ni hilo "kubwa". Najua hukulibuni wewe. Limeenea katika tasnifu, katika ripoti za miradi na katika maandiko ya semina, ambako nadharia tete sifuri hufunguliwa kwa "hakuna tofauti kubwa" kama barua ya kiofisi inavyofunguliwa kwa "husika na kichwa cha habari hapo juu", na hakuna anayejiuliza maneno hayo yanafanya kazi gani pale.

Msomaji wa Kiswahili anapoambiwa kwamba baina ya ndugu wawili hakuna tofauti kubwa ya umri, huelewa mara moja kwamba tofauti ipo, ila ni ndogo. Kwa hiyo sentensi yako, ikisomwa kama ilivyoandikwa, inakiri kwamba jivu linabadili urefu wa maharage kwa kiasi fulani kidogo. Nadharia tete sifuri inayokiri hivyo imeacha kuwa sifuri. Utaniambia kwamba ulikusudia tofauti yenye umuhimu wa kitakwimu. Nimekuelewa, lakini hata ungeyaandika maneno hayo yote kwa ukamilifu, bado ningeyafuta, kwa sababu umuhimu wa kitakwimu si sifa ya maharage. Ni hukumu tunayoitoa sisi baada ya kupima sampuli, na hukumu haiwezi kuwa sehemu ya shtaka.

Tulitazame jambo hili kwa hesabu, maana hapa ndipo neno "kubwa" linapoumbuka. Tuseme mimea ya makopo yako hutawanyika kuuzunguka wastani wake kwa mchepuko sanifu wa sentimita 2.77 katika kila kundi. Kwa makopo 12 kila upande, kosa sanifu la tofauti ya wastani mbili ni takriban sentimita 1.13, na tofauti itahesabiwa kuwa na umuhimu katika kiwango cha 0.05, kwa mikia miwili, ikizidi sentimita 2.3 hivi. Sasa punguza makopo yawe manne kila upande. Maharage ni yaleyale na jivu ni lilelile, lakini tofauti ya sentimita nne nzima, ambayo hata mpita njia angeiona bila rula, haitapita, kwa kuwa kizingiti kimepanda hadi karibu sentimita 4.8. Kisha ongeza makopo yawe 200 kila upande: tofauti ya milimita sita, ambayo hakuna mkulima angeinama kuitazama, itapita bila shida. Kwa hiyo "kubwa" ya watakwimu inaweza kuwa milimita sita, na "si kubwa" yao inaweza kuwa sentimita nne. Neno linalobadilika kufuatana na idadi ya makopo uliyoyamudu halifai kukaa katika sentensi inayohusu tabia ya mmea.

Kuna jambo la pili ambalo neno hili hulificha. Nadharia tete haisemi habari za mimea yako 24. Wastani za mimea hiyo karibu kila mara zitatofautiana, hata kama jivu halina athari yoyote, na kujua hilo kunahitaji rula tu, wala hakuhitaji nadharia. Nadharia tete inahusu mimea yote ya aina hiyo ambayo ingeweza kuoteshwa katika udongo huo kwa namna hiyohiyo, na sampuli yako ni shahidi wake tu. Ndiyo maana ninapendelea sentensi itaje wastani, itaje kipimo na itaje siku: "Wastani wa urefu wa maharage siku ya 21 katika udongo wenye jivu ni sawa na wastani wa urefu katika udongo usio na jivu." Hapo hakuna kubwa wala dogo. Ni sawa, au si sawa.

Sasa tuingie katika ugomvi wa sentensi zako mbili. Ya kwanza inasema hakuna tofauti. Ya pili inasema jivu litaongeza urefu. Je, ikiwa jivu litapunguza urefu, matokeo hayo yatakaa wapi? Si ya sentensi ya kwanza, kwa kuwa tofauti ipo, wala si ya sentensi ya pili, kwa kuwa hakuna kilichoongezeka. Nadharia tete hizi mbili zinatakiwa zigawane kila linalowezekana bila kuacha kitu nje na bila kupishana. Ukichagua "kuongeza" katika ile mbadala, basi ile sifuri ibebe yote yaliyobaki: kwamba wastani wa urefu wenye jivu ni sawa na ule usio na jivu, au ni mdogo kuliko huo. Wako wanaoandika "sawa" peke yake hata katika mkia mmoja, wakijitetea kwamba hesabu hufanywa pale penye usawa. Kwa upande wa hesabu wana hoja, nami nimechoka kugombana nao. Lakini kwa mwanafunzi anayejifunza kuandika, sentensi isiyoacha pengo ni bora.

Mikia yenyewe ni ncha mbili nyembamba za mchoro wa matokeo yanayotarajiwa iwapo nadharia tete sifuri ni kweli. Ukiuliza tu kama jivu linabadili urefu, unaziangalia ncha zote mbili, na ile asilimia 5 ya hatari ya kukosea unaigawa 2.5 huku na 2.5 kule. Ukiuliza kama linaongeza, unaiweka yote upande mmoja. Katika Kiswahili uamuzi huu wote umo ndani ya kitenzi. "Kubadili", "kuathiri" na "kutofautiana" ni vitenzi vya mikia miwili. "Kuongeza", "kupunguza", "kuzidi" na "kuchelewesha" ni vya mkia mmoja. Mtu anayeandika "jivu litaathiri" katika ukurasa wa kwanza na "jivu litaongeza" katika ukurasa wa tatu amebadilisha jaribio bila kumuarifu mtu.

Kwa jaribio lako mimi ningechagua mikia miwili, na sababu ziko katika jivu lenyewe. Jivu la kuni lina kalisi na potasiamu, na hupunguza tindikali ya udongo; katika udongo wenye tindikali nyingi linaweza kuusaidia mmea. Lakini likizidi, au likiwekwa katika udongo ambao haukuwa na tindikali, linaupeleka udongo upande wa alkali mno, baadhi ya virutubisho kama chuma na zinki huwa vigumu kwa mizizi kuvipata, na chumvi zake zinaweza kuidhuru miche michanga. Ndani ya kopo dogo kuzidisha ni jambo rahisi sana. Kwa hiyo kupungua kwa urefu kunawezekana kabisa, na kungekuwa matokeo ya kuandikwa. Mkia mmoja ungekufunga mdomo: ungeona mimea yenye jivu imedumaa waziwazi, na kwa masharti uliyojiwekea ungelazimika kusema tu kwamba nadharia tete sifuri haikukataliwa.

Mkia mmoja una mahali pake. Mwaka 1935 mtakwimu Ronald Fisher alieleza jaribio la bibi mmoja aliyedai kwamba kwa kuonja tu anajua kama katika kikombe yalitangulia maziwa au chai. Aliandaliwa vikombe 8, vinne vya kila namna, naye avitambue. Kuna njia 70 za kuchagua vikombe vinne kati ya vinane, kwa hiyo anayebahatisha ana nafasi moja kati ya 70 ya kupatia vyote. Swali pale lilikuwa na upande mmoja tangu mwanzo: dai lilikuwa la kutambua kwa usahihi, na makosa, hata yawe mengi vipi, yasingelithibitisha dai hilo. Tena ni Fisher huyohuyo aliyeipa nadharia tete sifuri jina lake. Neno "nadharia" sisi tulilipata kwa Waarabu, katika mzizi wa kutazama, na "tete" likaja kutuonya kwamba kitu chenyewe bado kichanga.

Kinachoniudhi kuliko hata "kubwa" ni mkia unaochaguliwa baada ya kupima. Tuseme siku ya 21 umepata wastani wa sentimita 24.6 kwenye jivu na 22.5 pasipo jivu. Tofauti ni 2.1, na kwa mchepuko ule wa 2.77 thamani ya t, yaani tofauti ikigawanywa kwa kosa sanifu lake, ni takriban 1.86, kwa digrii huru 22. Kizingiti cha mikia miwili ni 2.074, na hujakifikia. Kizingiti cha mkia mmoja ni 1.717, nacho umekipita. Hapo ndipo wengi hurudi kimyakimya kwenye sura ya kwanza, wakafuta "kutofautiana" na kuandika "kuongeza". Lakini mtu huyo, kama mimea yenye jivu ingekuwa mifupi, angeandika "kupunguza" kwa wepesi uleule. Kwa hiyo kwa kweli alikuwa anaangalia mikia miwili, kila mmoja kwa asilimia 5, na hatari yake ya kutangaza athari isiyokuwepo ni asilimia 10, ingawa ripoti yake inaapa kwamba ni 5. Kitenzi kiandikwe kabla ya rula kuguswa.

Basi andika hivi:

Nadharia tete sifuri: Wastani wa urefu wa maharage siku ya 21 katika udongo wenye jivu ni sawa na wastani wa urefu katika udongo usio na jivu.

Nadharia tete mbadala: Wastani wa urefu wa maharage siku ya 21 katika udongo wenye jivu hutofautiana na wastani wa urefu katika udongo usio na jivu.

Kwa alama, ukipenda:

```
H0: μ1 = μ2
H1: μ1 ≠ μ2
```

Chini yake ongeza kwamba jaribio ni la mikia miwili katika kiwango cha 0.05, na ueleze kwamba 1 ni wenye jivu na 2 ni usio na jivu. Umuhimu wa kitakwimu usubiri sura ya matokeo, ambako unaruhusiwa kuutaja, mradi utaje na sentimita zenyewe. Ikiwa t yako itakuwa ile 1.86, usiandike "nadharia tete sifuri imekubaliwa", wala "imethibitika kwamba jivu halina athari", kwa kuwa makopo 24 hayakuthibitisha lolote la namna hiyo. Andika: "Ushahidi haukutosha kuikataa nadharia tete sifuri." Ni sentensi kavu, najua, na huenda msimamizi wako akaongeza "kubwa" kwa kalamu yake mwenyewe, akifanya hivyo, mwambie aniandikie.