Jedwali lipi, mstari upi? Kusoma ripoti ya IMF na mwanafunzi

Binti mmoja ninayemsimamia tasnifu alinijia na ripoti ya Shirika la Fedha la Kimataifa, IMF, kurasa zaidi ya mia, imepakwa rangi ya njano karibu kila ukurasa. Kila palipotajwa kodi, ruzuku au mishahara ya serikali, amepaka. Pembeni ameandika kwa penseli: "sharti", "sharti", "sharti". Nikamuuliza amejuaje kuwa ni masharti. Akanijibu, "Mwalimu, si wao ndio wanaotoa pesa? Wakisema inapaswa, nani atabisha?"

Sikumcheka, kwa sababu na mimi nilipita hapo hapo. Nikiwa kijana kazini niliandika muhtasari wa ripoti kama hiyo kwa ajili ya wakubwa, nikatamka kwamba mkopeshaji ameshurutisha kufutwa kwa misamaha ya kodi ya ongezeko la thamani. Mzee mmoja aliyekuwa amekaa mezani na wajumbe wa mkopeshaji kwa miaka aliusoma kimya, akainua miwani, akauliza maneno manne tu: "Jedwali lipi, mstari upi?" Sikuwa na jibu. Nilichokuwa nimekinukuu kilitoka kwenye tathmini ya wataalamu, yaani maoni. Tangu siku hiyo swali la yule mzee ndilo ninalowapa wanafunzi wangu kabla hawajashika kalamu ya rangi.

Tatizo la ripoti hizi ni kwamba ndani ya jalada moja mnaweza kuwa na mambo mawili ya asili tofauti. La kwanza ni mashauriano ya Ibara ya Nne ya mkataba wa IMF, ambayo IMF hufanya na nchi wanachama, nyingi kila mwaka, ziwe zimekopa au hazijakopa. Hapo wataalamu huja, hukagua uchumi, hutoa maoni yao. Nchi ikiyapuuza hakuna fungu la fedha linalozuiwa, kwa kuwa hakuna fungu lililofungwa nayo. La pili ni tathmini ya programu ya mkopo, na huko ndiko masharti yaliko. Ili kuokoa muda, mara nyingi mambo hayo mawili huunganishwa katika ripoti moja. Ya binti wetu ilikuwa ya namna hiyo, na jina la jalada lilitaja yote mawili. Alilisoma akapita.

Basi nikamwambia afunge kurasa za mwanzo, atafute Barua ya Kusudio. Haikai mbele. Utaipata baada ya maelezo ya wataalamu na majedwali yao ya takwimu. Kwa kawaida husainiwa na waziri wa fedha na gavana wa benki kuu, ikielekezwa kwa Mkurugenzi Mtendaji wa IMF. Zingatia nani anazungumza: kurasa za mbele ni wataalamu wa mkopeshaji wanaoandika kuhusu serikali, lakini kwenye barua ni serikali yenyewe inayosema "tutafanya". Wengi hudhani masharti huandikwa kama amri kutoka juu. Kwenye karatasi huandikwa kama ahadi kutoka chini, hata kama kila mtu aliyekuwa chumbani anajua nani alisukuma nini.

Barua hiyo huwa na viambatisho viwili. Cha kwanza ni waraka wa sera za uchumi na fedha, ambamo serikali hueleza mipango yake aya kwa aya. Cha pili ni waraka wa ufafanuzi wa kiufundi, ambao wanafunzi karibu wote huuruka. Kati ya viambatisho hivyo, kwa kawaida mwishoni mwa waraka wa sera, kuna majedwali mawili. Hayo ndiyo ninayotaka mtu ayasome kwanza kabla ya jambo lingine lolote.

Jedwali moja ni la tarakimu: vigezo vya utekelezaji na malengo elekezi. Jingine ni la hatua: hatua za awali na vigezo vya kimuundo. Majina yanachosha, lakini uzito wake haulingani, na hapo ndipo penye utamu wa somo. Hatua ya awali lazima itimizwe kabla suala la nchi halijafikishwa mbele ya Bodi ya Watendaji. Isipotimizwa, kikao hakifanyiki. Kigezo cha utekelezaji hupimwa tarehe maalumu, tuseme mwisho wa Juni na mwisho wa Desemba. Kikikosekana, fedha hazitoki mpaka Bodi itoe msamaha, na msamaha huombwa kwa kuonyesha kwamba kosa lilikuwa dogo au la muda, au kwamba limeshachukuliwa hatua ya kulirekebisha. Lengo elekezi na kigezo cha kimuundo vikikosekana havihitaji msamaha. Huingizwa kwenye hukumu ya jumla ya kama programu inakwenda sawa.

Zamani hata mageuzi ya kimuundo yalikuwa na vigezo vya kufunga fedha moja kwa moja. IMF iliachana navyo mwaka 2009. Kwa hiyo ukikuta mtu anaandika leo kwamba nchi "ilinyimwa fedha moja kwa moja kwa kushindwa kupeleka sheria fulani bungeni", muulize swali la yule mzee. Inawezekana ilicheleweshewa fedha, ila njia huwa nyingine: kigezo cha kimuundo kilichokosekana hugeuzwa kuwa hatua ya awali kwenye tathmini inayofuata. Kilichokuwa laini mwezi wa tatu kinakuwa kigumu mwezi wa tisa. Ili kuliona hilo, weka majedwali ya ripoti mbili zinazofuatana ubavu kwa ubavu. Ripoti moja peke yake haitakuonyesha.

Tulichukua sentensi moja ya rangi ya njano tukaifuatilia, ile ile iliyoniaibisha mimi: misamaha ya kodi ya ongezeko la thamani. Kwenye tathmini ya wataalamu iliandikwa kwamba misamaha inapaswa kupunguzwa. Huo ni ushauri. Kwenye waraka wa sera, serikali ilisema itaipitia misamaha yote na kuandaa mpango wa kuipunguza. Hiyo ni ahadi, iko hadharani, itaulizwa, lakini bado si sharti. Kwenye jedwali la hatua tukakuta mstari mmoja tu: kuchapisha ripoti ya mapato yanayopotea kwa sababu ya misamaha, kabla ya tarehe iliyotajwa. Hicho ndicho kigezo cha kimuundo. Kuchapisha ripoti, basi! Hakuna hata msamaha mmoja uliotakiwa kufutwa. Binti akaguna, akafuta neno lake la penseli, akaandika "ushauri, ahadi, sharti: kuchapisha tu".

Aya hizo za katikati ndizo zinazosumbua zaidi, na sitadanganya kwamba mpaka ni safi. Ahadi isiyo jedwalini haizuii fedha yenyewe kwa yenyewe, ila mjumbe wa mkopeshaji anaweza kurudi nayo miezi sita baadaye na kutaka iingie jedwalini. Mimi humwambia mwanafunzi aitie rangi ya tatu, asiilazimishe kuingia upande mmoja.

Sasa ule waraka wa kiufundi unaorukwa. Tulitengeneza nchi ya mfano tukapiga hesabu. Kigezo kinasema urari wa msingi wa bajeti, yaani mapato toa matumizi bila kuhesabu riba, usishuke chini ya nakisi ya bilioni 50 kufikia mwisho wa Juni. Tarehe ikafika, nakisi ni bilioni 54. Binti akasema mara moja, "Wameshindwa." Nikamwambia afungue waraka wa kiufundi, sehemu ya virekebishi. Katika mfano wetu tuliandika kwamba misaada ya bajeti kutoka nje ikipungua kuliko ilivyotarajiwa, kikomo kitalegezwa kwa kiasi kilichopungua, lakini si zaidi ya bilioni 5. Misaada iliyotarajiwa ni bilioni 20, iliyofika ni bilioni 12. Pengo ni 8, kinachoruhusiwa ni 5, kwa hiyo kikomo kinakuwa nakisi ya bilioni 55. Nchi yenye nakisi ya 54 imefaulu. Magazeti yangekuwa yameshaandika kwamba imefeli.

Kinyume chake pia hutokea. Kama urari unapimwa kwa fedha taslimu zilizotoka, serikali inaweza kuufikia kwa kutowalipa wakandarasi hadi Julai. Kwenye karatasi imefaulu, mtaani wazabuni wanalia. Kwa sababu hiyo, programu nyingi huweka pia kikomo cha malimbikizo ya madeni ya ndani. Mwanafunzi akiona kigezo cha nakisi kimetimizwa vizuri kupita kiasi, atazame mstari wa malimbikizo kabla hajapiga makofi. Na kwenye mstari huo aangalie kama ni kigezo cha utekelezaji au lengo elekezi tu, maana kikiwa elekezi kishawishi cha kuchelewesha malipo ni kikubwa zaidi.

Nimezungumzia IMF kwa sababu ndiyo ripoti iliyokuwa mezani. Benki ya Dunia ina mpangilio wake. Katika mikopo yake ya kusaidia sera, zinazotangulia fedha huitwa pia hatua za awali, na nchi huwa imeshazikamilisha kabla mkopo haujapelekwa kwa bodi. Yale yanayotajwa kwa ajili ya mkopo unaofuata katika mfululizo huo ni viashiria vya mwelekeo, havijawa masharti bado. Ukitumia msamiati wa shirika moja kusomea karatasi ya jingine utapotea, kwani hata neno lile lile halifanyi kazi ile ile.

Na kuna ripoti za msaada wa kiufundi, zile ambazo wataalamu hualikwa kuja kuangalia, kwa mfano, mamlaka ya mapato inavyokusanya kodi. Zimejaa mapendekezo yenye tarehe, hata na safu inayoonyesha nani ahusike. Zinafanana sana na masharti kwa sura. Ni ushauri mtupu, mpaka pendekezo mojawapo liokotwe na kupandishwa kwenye jedwali la programu. Nimeona tasnifu nzima iliyojengwa juu ya ripoti kama hiyo ikiitwa "masharti ya mkopo", na msimamizi hakuligundua.

Tulimaliza saa mbili usiku. Katika sentensi zote alizopaka njano, zilizokuwa masharti kwa maana halisi zilitosha kuandikwa kwenye nusu ukurasa wa daftari. Sura yake ya tatu ilikuwa inaanza hivi: "IMF iliilazimisha serikali kupunguza misamaha ya kodi." Aliifuta, akafikiri kidogo, akaandika: "Wataalamu wa IMF walishauri misamaha ipunguzwe, serikali iliahidi kuipitia, kilichowekwa kuwa sharti la programu ni kuchapishwa kwa ripoti ya mapato yaliyopotea, jedwali la pili, mstari wa nne."